Namba 64 na Ukimya wa Kikaoni

Katika miaka ya 1970, profesa mmoja Mmarekani aliyeitwa Owen James Stevens alikuwa akifundisha katika chuo cha biashara cha INSEAD, mjini Fontainebleau, Ufaransa. Kwenye mtihani aliwapa wanafunzi wake kisa cha wakuu wawili wa idara wanaogombana ndani ya kampuni moja. Swali lilikuwa jepesi: tatizo ni nini, na dawa yake ni ipi? Alipokusanya majibu ya wanafunzi wapatao 200 na kuyapanga kwa nchi wanazotoka, aliona jambo ambalo hakuna aliyemfundisha mwenzake. Wafaransa wengi waliona kosa ni la mkurugenzi aliye juu ya wakuu wale wawili. Ugomvi upelekwe kwake, akate shauri. Wajerumani waliona kampuni haina mpangilio. Mipaka ya kila idara iandikwe, utaratibu uwekwe, na bosi asisumbuliwe. Waingereza nao waliona ni suala la watu wawili wasiojua kuelewana, wapelekwe kozi, ikiwezekana pamoja.

Kisa ni kilekile na chuo ni kilekile, lakini dawa ni tatu. Kila kundi lilikuwa na picha yake kichwani ya kampuni inavyopaswa kuwa. Kwa Wafaransa ni piramidi, kwa Wajerumani ni mashine iliyotiwa mafuta, na kwa Waingereza ni soko la kijijini ambako kila mmoja anapatana na mwenzake kadiri hali inavyodai.

Aliyekipa kisa hiki umaarufu ni Mholanzi Geert Hofstede, mhandisi aliyegeuka mtafiti wa saikolojia ya jamii. Kati ya mwaka 1967 na 1973 kampuni ya kompyuta ya IBM ilikusanya madodoso zaidi ya 100,000 kutoka kwa wafanyakazi wake duniani kote, ili kujua wanaionaje kazi yao. Hofstede alikuwa mmoja wa walioendesha zoezi hilo, na baadaye alichambua majibu kwa nchi badala ya kwa mtu. Mwaka 1980 akatoa kitabu chenye vipimo vinne vya utamaduni wa taifa. Viwili kati ya hivyo ndivyo vinavyofafanua mtihani wa Stevens: pengo la madaraka, yaani kadiri watu wa chini wanavyokubali kwamba madaraka hayagawanywi sawa, na kuepuka mashaka, yaani kadiri watu wanavyokosa raha mahali pasipo na kanuni. Ufaransa ina alama 68 kwenye pengo la madaraka na 86 kwenye kuepuka mashaka. Ujerumani ina 35 na 65. Uingereza ina 35 na 35. Mfaransa anataka bosi na kanuni, Mjerumani anaridhika na kanuni, na Mwingereza hana haja kubwa na chochote kati ya hivyo.

Sisi tumo pia kwenye jedwali hilo, ingawa kwa namna ya ajabu kidogo. Kitabu hakikuwa na mstari wa Kenya wala wa Tanzania. Watu wa IBM waliojibu katika nchi zetu walikuwa wachache mno, hivyo baadaye, jedwali lilipopanuliwa, Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia zikatiwa chungu kimoja na kuitwa Afrika Mashariki. Alama zilizotoka ni 64 kwa pengo la madaraka, 52 kwa kuepuka mashaka, na 27 kwa ubinafsi, ambao hapa si uchoyo bali ni kadiri mtu anavyojihesabu yeye mwenyewe kabla ya kundi lake. Mzambia wa Lusaka na Mhabeshi wa Addis Ababa watashangaa kuambiwa wana utamaduni mmoja, na wana haki ya kushangaa.

Hata hivyo 64 haikuokotwa barabarani. Ilitoka kwenye maswali matatu. La kwanza: ni mara ngapi wafanyakazi huogopa kumpinga bosi wao? Kisha mhojiwa alionyeshwa maelezo ya mabosi wa aina nne: anayeamua na kuamrisha, anayeamua kisha akakubembeleza ukubali, anayekushauri kabla ya kuamua, na anayefuata wengi walipo. Swali la pili liliuliza bosi wako ni yupi kati ya hao, na la tatu likauliza ungependa awe yupi. Majibu yakachanganywa kwa kanuni moja ya hesabu. Austria ilipata 11, Malaysia 104.

Swali la tatu ndilo lenye utamu. Mtu angetarajia kwamba wenye mabosi wakali wangetamani bosi anayewashauri. Wapo, lakini wengi katika nchi zenye pengo kubwa walijigawa pande mbili. Ama walimtaka mkubwa mwenye mkono thabiti, ama walitaka kura ya wote ambamo bosi ni kama hayupo. Aliyepata wapenzi wachache ni yule wa katikati. Naye huyo wa katikati ndiye meneja ambaye vitabu vingi vya uongozi vya Ulaya na Marekani vinamtengeneza na kumsafirisha huku.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa mahali panapofahamika: shamba la waridi Naivasha linaloongozwa na meneja Mholanzi. Uholanzi ina alama 38 kwenye pengo la madaraka, 53 kwenye kuepuka mashaka na 80 kwenye ubinafsi. Ziweke kando ya 64, 52 na 27. Kwenye kuepuka mashaka tofauti ni alama moja tu, kwa hiyo meneja huyu na wasimamizi wake hawatagombana sana juu ya kanuni ngapi ziandikwe. Pengo lao liko kwenye nani anamwambia nani nini, na mbele ya nani.

Meneja anataka kusogeza uvunaji wa mchana mbele kwa saa moja. Anawaita wasimamizi kumi, anaeleza mpango, kisha anauliza, "Mnaonaje?" Kimya. Anauliza tena, na mmoja anajibu, "Ni sawa, bosi." Wengine wanatikisa vichwa. Kwake yeye huo ni uamuzi uliopita kwa kauli moja. Wiki inayofuata, ndoo za maua zinajaa nje ya chumba cha baridi kwa sababu mzigo wa asubuhi bado haujapangwa na kufungwa. Waridi waliopaswa kupoa mara tu baada ya kukatwa wanakaa kwenye joto, na maua yanafunguka kabla ya kufika sokoni. Msimamizi wa ghala alilijua hilo tangu kikaoni.

Kwa nini hakusema? Meneja atadhani ni woga au kutojali. Mwenyewe msimamizi angekwambia hakuulizwa swali, alipewa amri iliyovikwa nguo ya swali, na kumkosoa mkubwa mbele ya watu kumi si kumsaidia, ni kumvunjia heshima. Tena kuna shaka nyingine ambayo wageni huipitia bila kuiona: bosi anayeuliza kila kitu anaweza kuonekana hajui kazi.

Dalili kwamba "ni sawa" haina kitu ndani zinaonekana mapema kwa anayezijua. Hakuna anayeuliza mpango utaanza lini. Hakuna anayeomba watu wa ziada wala ndoo. Mtu aliyekubali kweli hugeukia matatizo ya utekelezaji papo hapo, na aliyekubali kwa adabu husubiri kikao kiishe.

Kuita vikao vingi zaidi hakutasaidia. Kinachofaa ni kubadili swali na mahali pa kuuliza. Badala ya "mnaonaje," ambalo linamtaka mtu aupime uamuzi wa mkubwa wake, aulize, "Tukivuna saa nane, kitu gani kitakwama kwanza?" Hapo msimamizi anaonyesha ujuzi wake bila kumpinga mtu. Aulize siku moja kabla, kila mmoja kwenye kitengo chake, akianza na yule ambaye wenzake wanamheshimu kwa umri na uzoefu. Na jibu likimfikia, uamuzi autangaze yeye mwenyewe, waziwazi, bila kuurudisha kwenye kura.

Mambo hugeuka mtu wetu akienda upande wa pili. Mkenya au Mtanzania anayeajiriwa Rotterdam anaweza kukaa akingoja maelekezo, kwa adabu, huku bosi wake akijiuliza mbona huyu hana mawazo. Akikosolewa hadharani na kijana mdogo kwake kwa cheo na umri, atakwenda nyumbani akidhani ametukanwa.

Mpaka hapa namba zinaonekana kufanya kazi nzuri. Lakini tukumbuke Tenerife. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye kiwanja cha Los Rodeos kilichofunikwa na ukungu, ndege ya Boeing 747 ya KLM ilianza kuruka wakati nyingine ya Pan Am ingali kwenye njia ileile. Watu 583 walikufa. Mhandisi wa ndege ndani ya chumba cha marubani cha KLM aliuliza kama ile ya Pan Am ilikuwa imeshaondoka njiani. Rubani mkuu, aliyekuwa mkuu wa mafunzo ya ndege za aina hiyo katika shirika lake, alijibu kwa uhakika kwamba imeondoka. Hakuna aliyemshika mkono.

Hao walikuwa Waholanzi, wa alama 38. Kwa jedwali la Hofstede wangepaswa kuwa miongoni mwa watu wepesi kumpinga mkubwa. Kilichowafunga mdomo ni cheo na sifa za mtu aliyekaa kiti cha kushoto. Nao usafiri wa anga haukungoja utamaduni wa taifa lolote ubadilike. Mwaka 1981 shirika la United la Marekani lilianzisha mafunzo ya kuwazoeza marubani wadogo kusema na wakubwa kusikiliza, na mashirika mengine yakafuata.

Kosa la kawaida katika semina za mameneja liko hapo. Namba ya taifa ni wastani, na Hofstede mwenyewe alionya kwamba haimpimi mtu mmoja. Haina maana ikisimama peke yake. 64 inasema kitu ikiwekwa kando ya 38 tu. Wakosoaji wake, kama Brendan McSweeney katika makala yake ya mwaka 2002, wamekwenda mbali zaidi wakihoji inawezekanaje wafanyakazi wa kampuni moja wawakilishe taifa zima. Kwa upande wetu hoja hiyo ina uzito wa ziada. Walioajiriwa na IBM Nairobi miaka ile walikuwa watu wa mjini, wasomi, wachache, tena majibu yao yalichanganywa na ya nchi nyingine tatu.

Kwa hiyo ukialikwa kwenye semina na kuonyeshwa chati ya rangi yenye alama za Tanzania peke yake au Kenya peke yake, inua mkono. Muulize mtoa mada waliohojiwa ni akina nani, walihojiwa mwaka gani, na ilikuwaje nchi ambayo haikuwa na mstari wake kwenye jedwali la kwanza ikapata namba yake. Akishindwa kujibu, chati hiyo usimpimie mfanyakazi hata mmoja.