Kuomba Wateja Bila Kulialia

"Jamani, naombeni mniunge mkono, biashara ngumu." Ujumbe kama huu kwenye status ya WhatsApp humfanya fundi friji aonewe huruma, lakini haumwambii rafiki amtaje kwa nani. Rafiki husoma, akapita.

Anayempendekeza fundi huweka jina lake rehani, kwa hiyo anahitaji kitu cha kusema. Mpe kazi moja iliyokwisha, eneo, siku zilizo wazi na swali linalojibika:

"Jana Tabata tumetengeneza friji lililokuwa linagandisha juu huku chini halipoi. Feni ya kusambaza baridi ilikuwa imekufa. Alhamisi na Ijumaa nina nafasi, Tabata hadi Segerea. Unaye jirani anayesumbuliwa na friji la namna hiyo? Mtumie ujumbe huu. Gharama ya ukaguzi naitaja kabla sijaja."

Weka picha ya feni iliyoharibika, si ya jiko la mteja. Punguzo usilitaje hapo. Litaonyesha huna kazi. Status hutoweka baada ya saa 24, basi iweke jioni watu wametulia. Usiirudie kesho. Ngoja upate kazi nyingine ya kusimulia.