Kotesheni ya saruji ya kwenda delta: usiandike bei kabla hujauliza mzigo unashukia wapi

Tangu nimalize kidato cha sita kazi yangu nyingine, mbali na kuandika humu, ni kuwachapia watu barua pale stesheneri ya Kibiti mjini. Na barua inayokuja mara nyingi kuliko zote ni hii: mtu ana duka la vifaa vya ujenzi, kaletewa ombi la bei, anataka ajibu leo hii hii. Anakuja na bei moja kichwani, ananiambia "dogo, andika hapo elfu kumi na nane na mia tano, nigongee na muhuri." Basi. Mimi huwa namuuliza kwanza: mzee, huo mzigo unashukia wapi?

Tuchukue mfano mmoja, bei ni za kwangu za kupigia hesabu tu. Kontrakta anajenga zahanati kwenye kijiji cha ndani ya delta, anaomba bei ya saruji mifuko 200 "ifike saiti". Mfuko ni kilo 50, kwa hiyo ni tani 10. Dukani Kibiti mfuko umekusimamia 17,000, ukiongeza faida ya 1,500 unapata 18,500. Bei nzuri kabisa, kwa mtu anayekuja na gari lake mlangoni kwako.

Sasa fuata ule mzigo. Gari mpaka Nyamisati, tuseme 250,000. Vijana wa kupakia Kibiti, kushusha Nyamisati na kuingiza kwenye boti, 700 kwa mfuko, ni 140,000. Boti inayobeba tani 5 inakwenda safari mbili kwa 200,000, hiyo 400,000. Kushusha kijijini na kubeba kichwani mpaka stoo, 500 kwa mfuko, 100,000. Maturubai na nailoni 50,000, maana saruji ikilowa imekuwa jiwe. Halafu weka mifuko 4 ya kupasuka njiani, 68,000. Jumlisha na saruji yenyewe 3,400,000, unapata 4,408,000. Gawa kwa 200: kila mfuko umekugharimu 22,040 kabla hujala hata shilingi. Aliyeandika 18,500 atalipwa 3,700,000, kwa hiyo katoa mfukoni 708,000 ili apate heshima ya kuitwa sapulaya. Ukiandika 23,500 unalipwa 4,700,000 na inabaki 292,000.

Ndiyo maana mimi napenda kotesheni iwe na bei mbili: moja ya kuchukulia dukani Kibiti, nyingine ya kufikishiwa kijijini. Kontrakta mwenye boti yake atachukua ya kwanza, asiye nayo ataona mwenyewe ile tofauti imetoka wapi na hatakuita mwizi.

Kwenye kufikisha, neno "saiti" peke yake halitoshi. Andika mahali kwa jina: bandari ya kijiji, au stoo ya zahanati. Na andika habari ya maji. Wenyeji wa delta hamhitaji kufundishwa hili, ila ofisi ya mjini inayotoa oda haijui kwamba siku za bamvua maji yanajaa mpaka ndani kabisa ya vijito, na siku za maji mafu boti iliyosheheni inaweza kushindwa kufika bandarini hata maji yakijaa. Ukiahidi "siku 3" na siku hizo zikaangukia maji mafu, umekwama Nyamisati na tani 10 juu ya mchanga, usiku mnalala na maturubai. Andika siku 10 tangu oda ipokelewe, na boti itashusha wakati wa maji kujaa. Kuanzia Machi hadi Mei ongeza sharti la mvua na mafuriko. Aprili 2024 wote tuliona maji yalivyofanya Rufiji na Kibiti, kwa hiyo mnunuzi hawezi kusema hilo sharti umelitunga.

Muda wa bei kudumu nao watu wanauruka, sijui kwa nini. Kotesheni uliyosaini ni ahadi. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ahadi yenye tarehe ya mwisho inakufa yenyewe tarehe hiyo ikipita kabla haijakubaliwa. Isiyo na tarehe inaendelea kuning'inia "kwa muda unaofaa", na hapo ndipo mnaanza kubishana. Mtu anakaa na karatasi yako miezi miwili, bei ya kiwandani imepanda, kisha anakuletea oda kwa bei ya zamani. Mnakumbuka Novemba 2020 saruji ilivyopanda ghafla mpaka Waziri Mkuu Majaliwa akawaagiza wakuu wa mikoa wafuatilie? Siku 14 zinatosha kwa saruji. Na usiandike "siku 14" tu, taja tarehe yenyewe.

Basi mwili wa barua huwa nauchapa hivi:

"Saruji daraja 42.5N, mifuko 200 ya kilo 50. Bei kuchukulia dukani Kibiti: Sh 18,500 kwa mfuko, jumla Sh 3,700,000. Bei kufikisha bandarini na kubeba hadi stoo ya zahanati: Sh 23,500 kwa mfuko, jumla Sh 4,700,000. Muuzaji hajasajiliwa VAT. Bei hizi ni halali hadi tarehe (taja). Malipo: nusu wakati wa oda, nusu siku 7 baada ya kupokea. Mzigo utafika ndani ya siku 10 tangu oda na malipo ya awali kupokelewa, boti ikishusha maji yakijaa. Mifuko itahesabiwa na pande zote mbili stoo, na hati ya kupokelea kusainiwa hapo hapo. Iliyolowa au kupasuka kabla ya hapo ni ya muuzaji, baada ya hapo ni ya mnunuzi."

Angalieni daraja limetajwa. Ombi likisema "saruji" tu, mwenzako ataweka 32.5 ya bei ya chini na wewe utaonekana ghali bure. Na kama hujasajiliwa VAT usithubutu kuongeza ile asilimia 18, risiti yako ya EFD itakuumbua.

Sasa mnunuzi akiwa serikali mambo yanabadilika. Kwanza, zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo ulioanza Julai 2023 ukachukua nafasi ya TANePS. Humo masharti kayaweka mnunuzi. Ukijibu na ya kwako, mfano kudai nusu ya malipo mwanzoni wakati wao wamesema watalipa baada ya kupokea, unaweza kutupwa nje hata kama bei yako ndiyo ndogo. Habari ya bandari na maji unauliza kama ufafanuzi kabla ya siku ya mwisho, kisha gharama zote unazizamisha ndani ya bei. Pili, kwenye malipo watakata asilimia 2 ya kodi ya zuio. Kwenye 4,700,000 ni 94,000, kwa hiyo ile 292,000 mkononi inakuwa 198,000. Hiyo ni kodi yako ya mapato iliyolipwa mapema, dai cheti chake ukaonyeshe TRA.

Wenye maboti wa Nyamisati mnaopita humu, hebu wekeni hapo chini bei za sasa za kukodi boti ya tani 5, ili wenye maduka wasikadirie kwa macho.