Tarehe za almanaka ya chuo zisizosamehe

Katika almanaka ya chuo kikuu, siku ya mahafali na siku ya mwisho ya usajili hukaa kwenye jedwali moja, kwa herufi zile zile. Adhabu haziandikwi humo. Ziko kwenye kanuni za mitihani na waraka wa ada, na mwanafunzi anayesoma almanaka peke yake hajui ni tarehe ipi itamgharimu.

Kwa vyuo vingi vya Tanzania, usajili huwa wazi wiki chache za mwanzo wa muhula. Anayechelewa hupokelewa kwa faini, kisha dirisha hufungwa. Likishafungwa faini haisaidii tena, huenda ukalazimika kuahirisha masomo.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye ada yake ni shilingi 1,200,000, na chuo kinataka nusu kabla ya kumsajili. Bodi ya Mikopo inamlipia 400,000 kwa muhula, hivyo 200,000 ni zake mwenyewe. Anaamua kusubiri boom ndipo alipe. Hapo ndipo anapojifunga, kwa sababu boom husainiwa na aliyesajiliwa. Yeye anaisubiri fedha, na fedha inamsubiri yeye, huku siku za faini zikiingia.

Kilicho salama ni kuitafuta hiyo 200,000 wakati wa likizo na kuchukua kontroo namba mapema. Akishalipa asitosheke na risiti ya benki. Aingie kwenye akaunti yake ya chuo aone kama amesajiliwa, na kama kila somo lipo. Somo la hiari likisahaulika, atahudhuria na kufanya majaribio, kisha mhadhiri akija kuingiza alama hakuti jina lake. Kuongeza au kuacha somo nako kuna siku yake ya mwisho.

Tarehe za mitihani ndizo kali zaidi. Kukosa mtihani bila ruhusa kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuutoroka, na adhabu yake ikafika hadi disco. Mgonjwa aombe kuahirisha kabla ya mtihani kuanza, akiambatanisha cheti cha daktari. Akikubaliwa atafanya mtihani maalumu na kupewa alama anazostahili. Asiyeomba, akajikaza na kufeli, huangukia kwenye sapu, ambayo vyuo vingi huishia kuipa C hata majibu yawe mazuri kiasi gani. Karatasi moja iliyofika ofisini kwa wakati ndiyo inayotenganisha wawili hao.

Sapu nayo mara nyingi hupangwa likizoni, wakati wengi wako vijijini au vibaruani, na asiyetokea hahesabiwi kuwa alikuwa mbali. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi ya basi la kwenda nyumbani, tazama kwanza matokeo yatatoka lini na sapu itaanza lini.