Ufa kwenye picha: ni wa lipu au ni wa ukuta?

Mwenzetu mmoja wa Alunguli alituma picha ya ukuta kwenye simu ya kikundi. Ndani ya picha kulikuwa na ufa mweusi tu, na swali moja: "Fundi anasema atauziba kwa simenti. Nimpe pesa?" Watoto wake wawili wanalala chini ya ukuta huo.

Picha ile peke yake haikutosha kujibu, maana ilipigwa karibu sana. Ufa mdogo ukiupiga karibu unaonekana kama bonde. Tulimwomba apige picha tatu nyingine: ya kwanza kutoka mbali, ionyeshe ukuta mzima, dirisha, kona ya nyumba na udongo wa chini, ya pili karibu, akiweka rula la mtoto wa shule juu ya ufa, ya tatu ndani ya chumba, mahali palepale.

Ufa wa lipu tu una sura yake. Ni mwembamba kama unywele, unakwenda huku na huku kama utando wa buibui, na upande wa pili wa ukuta hauonekani. Mara nyingi unatokea kwa sababu lipu ilikauka haraka juani, au ilikuwa na simenti nyingi mno. Ukigonga kwa kidole na kusikia sauti ya uwazi, lipu imeachana na tofali. Huo unaharibu uzuri, lakini hauangushi nyumba.

Picha za mwenzetu zilionyesha jambo lingine. Ufa ulianzia pembe ya juu ya dirisha, ukapanda kama ngazi kati ya matofali kuelekea kona ya nyumba. Karibu na dirisha rula lilionyesha milimita 2, na juu karibu na paa milimita 6. Ndani ya chumba ulikuwepo vilevile. Ufa unaopita ukuta mzima, unaopanda kwa mshazari na kupanuka juu, unasema kwamba kona ile inashuka.

Kwa nini inashuka? Jibu lilikuwa chini ya picha ya kwanza. Maji ya mabati yanaangukia palepale kwenye kona, na mvua zetu za Kindu zimechimba mfereji mpaka msingi unaonekana. Tulipomuuliza, alisema mlango wa upande ule umeanza kukwama. Hiyo ni dalili ya pili.

Basi tulimjibu: usimpe fundi pesa ya kuziba bado. Simenti itafunika ufa, lakini kona itaendelea kushuka na ufa utarudi. Kwanza ondoa maji: weka mfereji wa bati chini ya paa, au chimba njia ya maji iende mbali na ukuta, kisha rudisha udongo kwenye kona na kuushindilia uteremke kuelekea nje.

Halafu pima kama ufa unatembea. Kwa kreyo, weka alama mbili, moja kila upande wa ufa, mahali unapofikia bila ngazi. Pima umbali kati yake na uandike tarehe ukutani. Pima tena kila juma, muda wa miezi miwili ya mvua, kwa rula lilelile. Umbali usipobadilika, kona imetulia na ufa unaweza kuzibwa. Ukiongezeka, msingi wenyewe unahitaji kutengenezwa na fundi mzoefu au injinia. Asikubali mtu kuchimba chini ya ukuta mzima kwa siku moja. Kazi hiyo inafanywa kipande kwa kipande, karibu mita moja kwa mara moja, la sivyo ukuta unaanguka juu ya mchimbaji.

Tulimwomba pia afunge jiwe kwenye kamba, ashikilie kamba juu ya ukuta na aiache ining'inie. Kama ukuta umeachana na kamba chini au juu, umeinama. Hilo picha haiwezi kulionyesha vizuri, kwa hiyo lazima mtu asimame pale.

Kuna mambo ambayo hayangojei miezi miwili: ufa unaoingiza kidole, ufa unaokua kati ya jana na leo, ukuta ulioinama, au mti wa paa unaoteleza kutoka mahali pake. Hapo watoto watoke katika chumba kile usiku uleule, na fundi aitwe asubuhi.

Ukuta wa mwenzetu haukuinama. Hata hivyo, kitanda cha watoto kimehamishwa upande wa pili wa chumba, na kitabaki huko mpaka vipimo vitakapokwisha.