Swichi mbili za Prado, kazi mbili tofauti

Baadhi ya Prado za daraja la juu zilizotengenezwa Japani kati ya 2002 na 2009, ambazo sasa zimejaa kwenye yadi za magari ya mtumba, zina swichi mbili ambazo wenye magari huzibonyeza kwa kubahatisha. Moja huchagua HI, N au LO. Nyingine ina hatua nne, kuanzia COMFORT hadi SPORT. Wengi hudhani zote mbili zinahusu ulaini wa gari. Ni ya pili tu.

Ya kwanza inahusu upepo. Nyuma ya gari hizi hakuna springi za chuma. Kuna mipira miwili iliyojazwa upepo, ilhali mbele springi ni za kawaida. Sensa hupima umbali kati ya ekseli na bodi. Gari likizama, kompresa husukuma upepo. Likinyanyuka kupita kiasi, vali hufunguka na kuutoa.

Tuchukue mpira mmoja unaobeba kilo 500 juu ya eneo la sentimita za mraba 100. Ndani yake panahitajika presha ya kilo 5 kwa kila sentimita ya mraba. Pakia familia na mizigo ya kwenda kijijini, kila mpira ubebe kilo 650: gari linazama, kompresa inanguruma kidogo, presha inafika 6.5 na kimo kinarudi palepale. Uzuri wake ni kwamba presha ikipanda, mpira nao unakuwa mgumu karibu kwa kiwango kilekile mzigo ulivyoongezeka. Ndiyo maana gari huyumba kwa mdundo unaokaribiana, liwe tupu au limejaa. Springi ya chuma haiwezi hivyo. Ugumu wake ni uleule siku zote, kwa hiyo iliyochaguliwa kwa ajili ya mzigo itakurusha ukiwa peke yako.

Ukibonyeza HI, nyuma hupanda takribani milimita 40. Hiyo inafaa kuvuka mtaro au jiwe, si kusafiria. Gurudumu linabaki na nafasi ndogo ya kushuka linapofika kwenye shimo, hivyo gari hugonga badala ya kulifuata bonde. Uzito nao umepanda juu, na kwenye kona gari hulalia upande zaidi. Mfumo wenyewe unalijua hilo: ukiongeza mwendo, hulishusha gari bila kukuuliza.

Sasa tuje kwenye shokapu, ambayo haibebi uzito wowote. Kazi yake ni kupunguza kasi ya gari kupanda na kushuka, kwa kulazimisha oili kupita kwenye tundu dogo. COMFORT hulipanua tundu, SPORT hulibana. Ukiwa kwenye SPORT, usukani unajibu upesi na gari halitumbukii upande mmoja ghafla unapoingia kwenye kona. Lakini ukizunguka kona ndefu kwa mwendo uleule, mwishowe litalala karibu sawa na lilipokuwa kwenye COMFORT, kwa sababu kiasi cha kulala huamuliwa na springi na nondo ya kuzuia kuyumba. Shokapu huamua tu litafika huko kwa haraka gani.

Barabara ya vumbi yenye makunyanzi huwadanganya wengi. Dereva anahisi gari linateleza, anakimbilia SPORT, na hali inazidi kuwa mbaya: shokapu iliyobanwa hairudishi gurudumu chini kwa wakati, linaruka kutoka kunyanzi moja hadi jingine na tairi halishiki. Hapo laini ndiyo salama. Kubana kidogo kunafaa gari likijaa mizigo kwenye lami yenye mabonde, pale nyuma inapoendelea kudunda baada ya bonde kupita.

Mipira huchakaa kwenye mkunjo wake. Dalili ya mwanzo ni gari kulala nyuma baada ya kuegeshwa usiku kucha, likanyanyuka ukiwasha injini. Pulizia maji ya sabuni kwenye mkunjo. Mapovu yatakuonyesha panapovuja. Usisubiri, kwani kompresa inayofidia uvujaji kila saa huungua, na kuna wanaonunua mpya bila kuziba tundu nayo ikafa vilevile. Nyuma ikizama milimita 60, pua inatazama juu kiasi kwamba taa hafifu zilizopangwa sawasawa zinaweza kumpiga machoni dereva wa gari dogo aliye mita 50 mbele yako.

Kabla ya kupiga jeki, zima mfumo kwa swichi ya OFF, maana sensa zikidhani gari limepanda mno zitatoa upepo. Na fundi akikushauri kuweka springi za chuma, ni njia halali na ya bei nafuu, ila muulize za mzigo wa kilo ngapi. Swichi ya kimo haitafanya kazi tena. Ya shokapu itaendelea, ilimradi asizibadilishe shokapu zenyewe kwa za kawaida.