Wasifu wa Mtafiti Mtandaoni: Zamu ya Dakika 20 kwa Juma

Mhariri wa jarida anayetafuta mtaalamu wa kuisoma makala, au mwanafunzi wa ng'ambo anayetafuta msimamizi wa tasnifu, humfahamu mhadhiri wa Lubumbashi kwanza kupitia wasifu wake wa mtandaoni. Aghalabu nyasifu hizo ni mbili. Wa kwanza ni ule wa ORCID, huduma iliyoanzishwa mwaka 2012, ambayo humpa kila mtafiti bila malipo namba ya kudumu yenye alama 16. Wa pili ni ule wa Google Scholar, ambao hukusanya machapisho ya mtu na kuhesabu mara yalivyonukuliwa. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi nyasifu hizo zinavyoweza kutunzwa kwa zamu fupi ya kila juma, pasipo kumnyang'anya mhadhiri jioni zake.

Wasifu hauchakai kwa sababu mwenyewe hana kazi. Huchakaa kwa sababu kazi mbili tofauti zimeunganishwa kuwa moja: kukumbuka yaliyotukia na kuyaingiza. Anayeketi mara moja kwa mwaka hulazimika kwanza kupekua barua na shajara ili ajue lini alihudhuria kongamano fulani, na ndipo aanze kuandika. Jioni nne au tano hupotea hapo, na mara nyingi umeme hukatika kabla hajamaliza. Dawa yake ni kuzitenganisha kazi hizo. Tukio linapotokea, huandikwa siku hiyohiyo katika mstari mmoja wa daftari: tarehe, kichwa cha kazi, mahali ilipotoka, na namba ya DOI ikiwapo. DOI ni namba ya kudumu ya chapisho, na kwa kawaida huchapwa kwenye ukurasa wake wa kwanza. Uingizaji hungoja zamu ya juma, ambayo ni vema ifanyike mchana, kwa mfano Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho.

Kila zamu ishughulikie sehemu moja tu ya wasifu. Juma la kwanza la mwezi ni la machapisho mapya, la pili ni la majina na mahali pa kazi, la tatu ni la kukagua Google Scholar, na la nne ni la maelezo mafupi ya utafiti na viungo vilivyovunjika. Saa ikitimiza dakika 20, kazi inaachwa. Kilichosalia hubaki daftarini hadi zamu ya sehemu ileile mwezi ujao.

Huenda msomaji akadhani kwamba juma la pili halina haja, kwa kuwa jina la mtu halibadiliki. Historia ya Lubumbashi yenyewe inaonyesha vinginevyo. Marehemu V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa mwaka 1941 huko Likasi na kufundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, aliitwa Valentin Yves. Mwaka 1972 serikali ya Zaire ilipopiga marufuku majina ya Kikristo, akawa Vumbi Yoka. Herufi za mwanzo zilibaki zilezile, na kitabu chake cha mwaka 1988 juu ya kubuniwa kwa Afrika kilitoka kwa jina la V. Y. Mudimbe. Hivyo uzi wa kazi zake haukukatika. Wengi hawakuwa na bahati hiyo. Hata leo, Mkongo mwenye majina matatu huchapishwa kwa namna tofauti kila mhariri anapokisia lipi ni la ukoo.

Chukulia, kwa mfano tu, mhadhiri wa isimu aitwaye Ilunga Kasongo Joseph. Jarida moja limemwandika J. Ilunga, la pili I. K. Joseph, la tatu J. Kasongo. Katika juma la pili, mhadhiri huyo hufungua sehemu ya majina ya ORCID na kuziingiza namna zote tatu chini ya “Also known as”, kisha huchagua moja ya kutumia katika kila makala yatakayofuata. Katika sehemu ya ajira, huanza kuandika jina la chuo na kulichagua “Université de Lubumbashi” kutoka katika orodha inayojitokeza, badala ya kubuni tahajia yake. Jina lililochaguliwa hufungamana na namba ya taasisi. Lililoandikwa kwa mkono huelea peke yake. Aliyehitimu mwaka 1978 hana budi kuandika kwamba shahada yake ilitolewa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kwani kati ya 1971 na 1981 Lubumbashi ilikuwa tawi la chuo hicho.

Juma la kwanza lina mtego wake. Tuseme mhadhiri huyo aliingiza sura ya kitabu kwa mkono, bila DOI. Miezi miwili baadaye mchapishaji anaitangaza sura hiyo kupitia Crossref, shirika linalosajili namba za DOI, na kwa kuwa mhadhiri alikuwa amelipa idhini, sura inaingia yenyewe. Sasa kazi moja inaonekana mara mbili. Dalili ni rahisi kuiona: chini ya kila ingizo huandikwa chanzo chake, na hapa vyanzo ni viwili. Akiongeza DOI katika ingizo lake la mkono, ORCID huyaweka yote mawili katika kundi moja. Kwa majarida ya nyumbani yasiyo na DOI, kuandika kwa mkono ndiyo njia iliyopo. Kichwa cha Kiswahili kibaki kama kilivyochapwa, na tafsiri yake iwekwe katika nafasi ya “Translated title”.

Katika juma la tatu hatari ni kinyume chake, yaani kupata visivyo vyake. Ilunga na Kasongo ni majina ya watu wengi mno Katanga, na Google Scholar hukisia kwa jina. Mtaalamu wa isimu akikuta orodha yake imeongezeka makala ya malaria au ya madini ya shaba, au hesabu ya kunukuliwa imeruka ghafla, ajue kwamba amepewa kazi ya mwenzake. Huzitia alama kazi hizo na kuzifuta, kisha katika mipangilio huchagua kuletewa mapendekezo kwa barua pepe badala ya kuachia orodha ijibadilishe yenyewe. Asiyefanya hivyo hukabiliwa na jambo zito zaidi kuliko wasifu uliochakaa: kamati ya kupandishwa cheo ikiuliza, ataonekana amejitwalia jasho la mwingine.

Utaratibu huu una mipaka yake. Hauwezi kuifanya makala isiyowekwa mtandaoni isomwe, wala hausahihishi jina lililokwisha kuchapwa vibaya jaridani; hilo ni la kumwandikia mhariri. Aidha, mwezi ambao daftari halina mstari mpya, zamu ya kwanza humalizika kwa dakika mbili, na hapana haja ya kutafuta la kujaza. Tarehe mpya bila kazi mpya haimwambii msomaji lolote.