Kuupima Mwendo wa Mpira wa Kriketi kwa Picha

Baina ya mstari wa mbele wa mtupaji na ule wa mpigaji pana mita 17.68. Filamu twaitazama picha moja moja, tukihesabu tangu mpira uachiwapo juu ya mstari wa kwanza hata ufikapo wa pili. Kamera ya picha 60 kwa sekunde ikitupa picha 30, mpira umekwenda nusu sekunde, yaani kilometa 127 kwa saa. Huo ni wastani. Ulipotoka mkononi ulikuwa mwepesi zaidi, kwani hewa na ardhi huupunguza. Tena picha moja ikikosewa, hesabu huyumba kilometa 4. Basi mitupo miwili ikitofautiana kwa picha moja, hatuwezi kusema mtupaji amebadilika. Kwa kamera ya picha 240, kosa hilo ni kilometa 1 tu.